Mkaguzi wa nishati: Kazi ya kusaka stima inayopotea viwandani Thika na Ruiru

Siku nzuri ya kukagua kompresa ya kiwanda ni Jumapili. Mitambo imezimwa, wafanyakazi wako nyumbani na mlinzi langoni anashangaa umefuata nini. Ukisimama katikati ya ukumbi huo kimya utasikia mluzi. Ni hewa iliyoshindiliwa kwa stima ya kulipiwa, ikitoka kwenye maungio ya mabomba na kurudi angani ilikotoka.

Kuanzia viwanda vya nguo na vyakula vya Thika hadi vya chuma, maziwa na plastiki pale Ruiru, hewa ya kompresa ni kama maji ya bomba. Inafungua vali, inasukuma mikono ya mitambo, inapuliza vumbi. Na kwa sababu haina rangi wala haimwagiki sakafuni, hakuna anayeiona ikivuja. Mtu anayelipwa kuiona, kuipima na kuiandikia hesabu anaitwa mkaguzi wa nishati.

Kwa vijana waliosomea uhandisi, hii ni kazi ambayo sheria yenyewe imeitengenezea soko. Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012 zilisema kiwanda, hoteli, hospitali, chuo au jengo lolote linalotumia zaidi ya yuniti 180,000 za nishati kwa mwaka ni lazima likaguliwe angalau mara moja kila miaka 3, na anayekagua awe na leseni. Leseni hiyo hutolewa na EPRA, mamlaka ya kawi na petroli, ambayo hadi mwaka 2019 ilijulikana kama ERC.

Yuniti 180,000 zinasikika nyingi lakini ukizigawa kwa miezi 12 unapata 15,000 kwa mwezi. Hicho ndicho kiwango ambacho mteja wa Kenya Power akikipita anahamishwa kutoka kundi la biashara ndogo kwenda lile la viwanda. Kwa hivyo hatuzungumzii viwanda vikubwa tu vyenye majina. Kiwanda cha wastani cha mikate, jengo la maduka kando ya barabara kuu au hospitali yenye vitanda vingi vinaweza kuwa ndani ya orodha hiyo.

Kuna kifungu kingine ambacho wanafunzi wengi hukipita haraka, ilhali ndicho kinachoifanya kazi hii kuwa nzito. Mwenye kiwanda akishapokea ripoti anatakiwa kuandaa mpango wa uwekezaji, na kabla ya miaka 3 kwisha awe ametekeleza angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa. Soma tena hapo. Ukiandika kwamba kiwanda kinaweza kuokoa yuniti 200,000, umemfunga mwenye kiwanda kuonyesha angalau 100,000. Ukiongeza chumvi kwenye hesabu ili ripoti ipendeze, yeye ndiye atakayebanwa.

Sasa twende kwenye kompresa yenyewe, kwa mfano wa hesabu. Tuseme ni kiwanda cha kusokota nyuzi pale Thika, kinachofanya kazi usiku na mchana, siku 300 kwa mwaka, yaani saa 7,200. Kina kompresa moja ya kawaida ya skrubu. Umefunga kipimo cha stima kwenye nyaya zake, nayo inavuta kilowati 80 inaposukuma hewa. Presha ikishafika kiwango kilichowekwa, mashine inaacha kusukuma lakini mota haizimiki. Inaendelea kuzunguka mtupu, na hapo kipimo kinaonyesha kilowati 28.

Hizo 28 ziweke akilini, maana ndizo zinazomtenganisha anayejua kazi na anayekisia.

Jaribio la Jumapili ni rahisi kiasi kwamba unahitaji saa ya simu tu. Hakikisha hakuna mtambo unaotumia hewa, kisha iwashe kompresa. Presha itapanda, mashine itaacha kusukuma. Kama mabomba yangekuwa mazima, ingekaa hivyo muda mrefu sana. Lakini kwa kuwa hewa inavuja, presha inashuka na mashine inaanza kusukuma tena. Wewe andika sekunde za kusukuma na sekunde za kupumzika, mizunguko kama 10 hivi, halafu utafute wastani.

Tuseme umepata sekunde 90 za kusukuma na 135 za kupumzika. Mzunguko mzima ni sekunde 225. Gawa 90 kwa 225 unapata 0.4. Maana yake asilimia 40 ya uwezo wa kompresa hiyo inalisha matundu. Mfumo unaotunzwa vizuri hukaa karibu na asilimia 10 au chini ya hapo. Kufika sufuri ni ndoto, na anayekuahidi sufuri mtilie shaka.

Uzuri wa jaribio hili ni kwamba halihitaji uamini maandishi ya bamba la mashine. Thika iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Kompresa ile ile ikiletwa huku inasukuma hewa kidogo kuliko inavyosukuma pwani, na mhandisi anayechukua takwimu za kitabu cha mtengenezaji bila kurekebisha anaanza na kosa. Uwiano wa sekunde haujali uko wapi.

Hapa ndipo penye mtego. Mkaguzi mwenye haraka atasema hivi: uvujaji ni asilimia 40, nikiziba hadi 10 nimeokoa asilimia 30. Asilimia 30 ya kilowati 80 ni 24. Zidisha kwa saa 7,200 unapata yuniti 172,800. Tukichukulia yuniti moja ni Sh20 pamoja na tozo zake, hiyo ni Sh3,456,000 kwa mwaka. Ripoti inang'aa, bosi anatabasamu.

Tatizo ni kwamba mashine haijui kupumzika bila kula. Ule muda ambao zamani ilikuwa ikisukuma hewa ya kuvuja, sasa itautumia ikizunguka mtupu kwa kilowati 28. Kwa hiyo kila unapoiondoa kwenye kusukuma na kuipeleka kwenye kupumzika, huokoi 80. Unaokoa 80 kutoa 28, yaani 52.

Chukua kipimo cha siku ya kazi. Kabla ya ukarabati, kipimo kilichofungwa kwa wiki nzima kilionyesha mashine inasukuma asilimia 85 ya muda na kupumzika 15. Wastani wake ni kilowati 72.2. Baada ya kuziba, itasukuma asilimia 55 na kupumzika 45. Wastani unakuwa kilowati 56.6. Tofauti ni 15.6, wala si 24. Kwa mwaka ni yuniti 112,320, au Sh2,246,400.

Kati ya hesabu hizo mbili kuna zaidi ya Sh1.2 milioni ambazo hazipo popote isipokuwa kwenye karatasi. Mwenye kiwanda akikopa akitegemea zile milioni 3.4, atamrudia nani?

Ukitaka kukaribia zile 24 kweli, lazima ubadilishe jinsi mashine inavyopumzika. Njia moja ni kompresa yenye kidhibiti mwendo, ambayo hupunguza kasi ya mota hewa inapohitajika kidogo. Nyingine ni kuwa na kompresa ndogo ya kubeba mzigo uliobaki, ile kubwa ikazimwa kabisa. Hayo ni mapendekezo tofauti yenye gharama tofauti, na kila moja linaandikwa peke yake kwenye ripoti, na pesa zake.

Lakini kuna pendekezo lisilogharimu hata shilingi. Je, kompresa hiyo huachwa ikiwaka Jumapili? Katika viwanda vingi huachwa, kwa sababu tu hakuna aliyeambiwa aizime. Kwa uvujaji ule wa asilimia 40, Jumapili moja inavuta wastani wa kilowati 48.8 kwa saa 24. Hizo ni yuniti 1,171 hivi, kama Sh23,400. Kwa Jumapili 52 ni zaidi ya Sh1.2 milioni. Kumbe zile pesa alizozibuni mkaguzi wa haraka zilikuwepo kweli, ila mahali pengine, na zilihitaji mtu wa kubonyeza swichi Jumamosi usiku. (Uliza kwanza kama kuna kifaa kinachohitaji hewa siku hiyo. Kuzima bila kuuliza ndiyo njia ya haraka ya kufukuzwa.)

Kusaka tundu lenyewe ni kazi ya miguu. Maji ya sabuni kwenye maungio bado yanafanya kazi, na kipo kifaa cha masikioni kinachonasa mlio mwembamba ambao sikio la kawaida haliupati hata mitambo ikiwa inanguruma. Unafunga kitambulisho kwenye kila tundu na kuandika namba yake. Mara nyingi wakosaji ni wale wale: maungio ya kuchomeka, mipira iliyozeeka, vali za kutolea maji zilizoachwa wazi kidogo. Tena rudi baada ya miezi michache, kwa sababu mtetemo wa mitambo hulegeza tena kile ulichokikaza.

Bili ikipanda baada ya kuokoa

Sehemu inayowatoa jasho wakaguzi wapya haiko kwenye kompresa. Iko ofisini, miezi kadhaa baadaye, bili ikiwa mezani.

Tuendelee na kiwanda chetu cha nyuzi. Kabla ya kazi, kilikuwa kinatumia yuniti 160,000 kwa mwezi wa kutoa tani 50. Matundu yamezibwa, Jumapili kompresa inazimwa. Kisha bili inakuja na yuniti 165,600. Mwenye kiwanda anakuita. "Kijana, ulisema stima itashuka. Hii ni nini?"

Jibu lake halianzi siku hiyo. Linaanza siku ya kwanza ya ukaguzi, ulipoomba bili za miezi 12 na rekodi za uzalishaji za miezi hiyo hiyo. Unachora vitone 12 kwenye grafu, tani upande wa chini na yuniti upande wa juu, kisha unapitisha mstari katikati yake. Tuseme mstari huo unaonyesha kwamba kiwanda hula yuniti 60,000 kila mwezi hata kisipotoa uzi wowote, na kila tani inaongeza 2,000. Tani 50 zinakupa 160,000 kamili.

Mwezi wa bili hiyo mpya, kiwanda kilipata oda kubwa na kutoa tani 60. Kwa mwenendo wa zamani kingetumia 60,000 jumlisha 120,000, yaani 180,000. Kimetumia 165,600. Akiba ni yuniti 14,400, ambazo kwa Sh20 ni Sh288,000 kwa mwezi mmoja tu. Ukilinganisha na utabiri wako, yaani 9,360 za matundu na kama 5,075 za Jumapili, umekaribia sana. "Mzee, bila ile kazi ungelipa yuniti 180,000 mwezi huu. Huu hapa mstari."

Bila ule mstari wa mwanzo huna la kusema, hata kama kila tundu limezibwa. Na ndiyo maana kuna watu wanaosomea cheti cha pekee cha kupima na kuthibitisha akiba, kinachojulikana kama CMVP, juu ya kile cha usimamizi wa nishati.

Zile yuniti 60,000 za mwanzo wa mstari nazo ni habari kubwa. Ni stima inayoliwa kiwanda kikiwa hakizalishi kitu: taa, feni, mitambo iliyowashwa ikisubiri kazi, kompresa ya Jumapili. Wakaguzi wazoefu huanza kusaka hapo kabla ya kugusa mtambo wowote mkubwa.

Majengo nayo

Kwenye majengo makubwa ya Ruiru hali ni tofauti kidogo. Kwa baridi ya kule, kiyoyozi mara nyingi si mlaji mkuu kama ilivyo Mombasa. Utakuta pampu za maji, lifti, taa za maegesho na maji ya moto.

Pampu zina mtego wake pia. Darasani tulifundishwa kwamba ukipunguza kasi ya pampu kwa asilimia 20, stima inashuka karibu nusu, kwa sababu 0.8 ikizidishwa mara tatu kwa yenyewe ni 0.512. Ni kweli pale ambapo pampu inazungusha maji kwenye bomba lililofungwa, ikipambana na msuguano tu. Lakini pampu inayotoa maji kisimani na kuyapandisha hadi tangi la juu ya ghorofa ya 10 inapambana na urefu, na urefu haupungui ukipunguza kasi. Ukiipunguza sana, maji hayafiki juu kabisa na pampu inachemka bure. Hapo kidhibiti mwendo kinaweza kuwa upotevu wa pesa, na suluhisho likawa kuchagua pampu inayolingana na kazi au kuzuia tangi kufurika.

Kundi jingine la kuangalia ni wauzaji wa visanduku vya kupunguza stima. Vingi ni kapasita. Kapasita kwa kweli zina faida kwa mteja mkubwa, kwa sababu yeye hulipia pia kilele cha mahitaji yake kwa kVA, na kipimo cha nguvu kikishuka chini ya 0.9 anatozwa zaidi. Ila kapasita haipunguzi kwa kiasi cha maana zile yuniti zenyewe. Ukiona ripoti inayoihesabu kama akiba ya yuniti za kiwanda kizima, irudishe.

Vyeti na leseni

Watu huchanganya vitu viwili hapa. Kuna cheti cha ujuzi na kuna leseni ya serikali, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Cheti kinachojulikana zaidi ni CEM cha AEE, chama cha wahandisi wa nishati chenye makao yake Marekani, kinachotolewa tangu mwaka 1981. Mtihani ni wa saa 4 na unaruhusiwa kuingia na vitabu, jambo ambalo huwadanganya wengi. Vitabu havisaidii kama hujui hesabu ya bili, boila, taa, mota na thamani ya pesa kwa miaka ijayo inakaa ukurasa gani. Mwenye shahada ya uhandisi anatakiwa awe na uzoefu wa miaka 3. Aliyetoka chuo juzi hajafungiwa mlango: anaweza kufanya mtihani na kutambuliwa kama anayefunzwa, kisha akakamilisha miaka ya uzoefu. Cheti huhuishwa kila miaka 3 kwa kuonyesha umeendelea kujisomea na kufanya kazi.

Nchini, Chama cha Watengenezaji Bidhaa, KAM, kina kituo chake cha matumizi bora ya nishati kilichoanzishwa kwa ushirikiano na wizara ya kawi, kinachofanya ukaguzi na mafunzo. Kwa walio Juja, kati ya Ruiru na Thika, JKUAT ina taasisi ya teknolojia ya nishati na mazingira inayofundisha hadi shahada za juu. Hakuna mahali pengi nchini ambapo darasa la nishati liko karibu hivyo na viwanda viwili upande huu na viwili upande ule.

Leseni ya EPRA ndiyo inayoipa ripoti yako nguvu ya kisheria. Zipo za mtu binafsi, zilizogawanywa katika daraja A na B, na zipo za kampuni. Unaweza kuwa na CEM ukutani na bado usiruhusiwe kutia saini ukaguzi wa lazima.

Kwa anayeanza, ugumu mkubwa ni uzoefu. Leseni inataka umeshakagua, na kukagua kunataka leseni. Njia inayotumika ni kuingia kampuni yenye leseni kama msaidizi. Wewe ndiye utakayepanda ngazi kufunga vipimo kwenye bodi ya stima (fundi wa kiwanda akiwa kando yako, na moto umezimwa inapowezekana), utakayehesabu taa, utakayeandika sekunde za kompresa. Mwenye leseni anatia saini, lakini jina lako linaingia kwenye ripoti, na ripoti hizo ndizo ushahidi wako baadaye.

Njia nyingine ni kuanza ukiwa upande wa kiwanda. Kanuni zile zile zinataka viwanda na majengo hayo yawe na afisa wa nishati. Mhandisi kijana wa matengenezo anayeomba jukumu hilo atakaa na bili za kila mwezi na kuuchora ule mstari mwenyewe. Pia atajua kitu ambacho mgeni wa wiki moja hawezi kukijua, kama vile kwa nini kompresa huachwa ikiwaka Jumapili na nani wa kuzungumza naye ili izimwe.

Kabla hujakubali kazi yako ya kwanza, omba kusoma ripoti ya ukaguzi uliopita. Angalia kama kuna grafu ya uzalishaji na stima, kama kila pendekezo lina kipimo kilichochukuliwa pale pale kiwandani, na kama zile kilowati za kupumzika zimeandikwa. Utakutana na ripoti ambazo jina la kiwanda kingine limesahaulika kwenye ukurasa wa 14. Hapo anza upya na bili za miezi 12, halafu uulize Jumapili ipi mlinzi anaweza kukufungulia.